Ubeti wako wa Kwanza: Barua kwa Mpwa Wangu

Mpwa wangu mpendwa,

Shairi ulilonitumia kwa ajili ya wiki ya usalama wa mtandaoni shuleni kwenu nimelisoma mara mbili nikiwa kibarazani, na nimehesabu mizani kwa vidole. Mshororo wako wa kwanza, "Mitandao ni hatari, inaharibu vijana," umetimia: nane kwa nane. Hata hivyo hauna mtu ndani yake, wala jambo lililotendeka, na msikilizaji aliyewahi kumchafua mwenzake mtandaoni ataupigia makofi bila kujitambua.

Ilhali kisa unacho. Ulinisimulia habari ya msichana wa darasa lenu aliyeteleza kwenye ngazi za jeti, maji yakiwa yamekupwa na ngazi za chini zimejaa ute, akaanguka na sare yake. Mwenzake akampiga picha na kuitia katika kundi la darasa la WhatsApp, halafu jioni, moyo ukimsuta, akaifuta kwa wote. Hapo ndipo shairi lilipo, kwa sababu kufuta huko huondoa ujumbe katika kundi ulimotumwa tu. Aliyekwisha kuusambaza kwingine ana nakala yake, na aliyeipiga picha skrini ya simu yake anayo ya kwake. Mtumaji wa kwanza hana uwezo juu ya hizo. Aliyefuta alitubu kwa dhati, nami namwamini, lakini msichana aliendelea kuletewa picha ileile na watu asiowajua.

Nimejaribu ubeti mmoja wa tarbia, ukwapi ukiwa na kina cha *ni* na utao *wa*:

Alianguka jetini, picha haikuchelewa,
Angali yumo majini, darasa lishaletewa,
Mpigaji yu nyumbani, afuta, imegaiwa,
Kitokacho kiganjani, huwezi kurudishiwa.

Mshororo wa mwisho uufanye kibwagizo. Ubeti wa pili mpe yule aliyesambaza, kwa kuwa ndiye anayejiona hana kosa, eti hakupiga picha wala hakuandika neno. Mwandike akiwa kitandani usiku, kidole kikichagua majina ya kuwapelekea. Usimtukane, mwonyeshe tu.

Ubeti wa tatu uwe wa msichana mwenyewe, na hapa uwe mwangalifu. Usimwandike akilia tu. Mwandike akihifadhi picha za skrini zenye majina ya watumaji, tarehe na saa kabla ujumbe haujafutwa, akimpelekea mwalimu anayemwamini, kwani bila hizo kila mmoja atakana. Namba 116, ambayo watoto hapa Kenya huipiga bila malipo kuomba msaada, usiilazimishe ndani ya mizani. Itaje kwa mdomo ukimaliza kughani.

Kabla ya yote, muombe msichana idhini. Akikataa, badilisha jeti iwe uwanja wa mpira na sare iwe kanzu, ili asitambulike. Niletee beti hizo mbili kabla ya Alhamisi, tuzipime pamoja kwa sauti.

Mjomba wako, Lamu