Kuhusu ile makala ya majani ya nyanya

Morogoro

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Makala uliyonitumia, ile ambayo waandishi wake wanasema modeli yao inatambua ugonjwa wa majani ya nyanya kwa kutazama picha, kwa usahihi wa asilimia 98, nimeisoma mara mbili, na nakuomba usianze kazi yako kwa kuitegemea namba hiyo kabla hujasikia kilichonisumbua.

Rudi kwenye sehemu ya data. Walipiga picha za majani 600 ya nyanya, picha moja kwa kila jani. Kisha wakazizalishia nakala kwa kuzigeuza na kubadilisha mwanga, hadi kila jani likawa na picha 6, jumla 3,600. Baada ya hapo ndipo wakazichanganya na kutenga 720 za kupimia. Kosa liko kwenye mfuatano huo. Kila picha ya kupimia ina ndugu 5, yaani picha nyingine za jani lilelile, na nafasi ya ndugu wote kuangukia nayo upande uleule ni kama 3 kati ya 10,000. Maana yake, karibu kila jani la mtihani modeli ilishaliona ikijifunza. Walipaswa kugawanya majani kwanza, 480 huku na 120 kule, ndipo wazalishe nakala kwa upande wa mafunzo tu.

Nao ulinganisho wao haunisaidii. Modeli mbili walizozishinda zilipimwa kwa mgawanyo huohuo uliovuja. Tena majani 420 kati ya 600 yana ugonjwa wa bakajani: anayejibu "bakajani" kila mara, bila kutazama picha, anapata asilimia 70. Namba hiyo hawakuiandika popote.

Lakini hata mgawanyo safi hautoshi, na hapa nataka uikumbuke PlantVillage, ule mkusanyiko wa picha 54,306 za majani ya mimea, mazima na yenye magonjwa. Watafiti wa mwaka 2016 walijitahidi kuziweka picha za jani moja upande mmoja, pale walipojua zinahusiana, wakapata asilimia 99.35. Walipoijaribu modeli kwa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, ikashuka hadi asilimia 31 hivi, na hilo walilisema wenyewe. Mwaka 2022 mtafiti mwingine akachukua pikseli 8 tu za mandharinyuma ya kila picha, bila jani lenyewe, akapata asilimia 49, ilhali kubahatisha kunatoa 2.6. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye meza na mwanga wa siku ile ya kupiga picha! Hicho ndicho kipimo cha chini ninachokitaka katika kila makala ya picha, na ni kazi ya mchana mmoja.

Basi waandikie uwaombe orodha inayoonyesha kila picha ni ya jani gani, shamba gani na siku gani. Ukiipata nitumie, nifunze upya kwa kuacha shamba moja zima nje, na kando yake niweke modeli ya pikseli za pembeni. Usisaini chochote na wale wa ushirika kabla hatujaona namba hizo mbili.

Wako,
Saida