Ahadi nane azifute

Shoga yangu,

Habari za huko, na shemeji hajambo? Sisi wazima, ila baridi ya Njombe imetushika kweli. Nimepata ujumbe wako kwamba mwanetu anagombea udada mkuu na hotuba yake ina ahadi tisa. Nimeacha madaftari mezani ili nikujibu: nane azifute.

Hapa kwetu wagombea walipewa dakika tatu tatu paredini. Wa kwanza aliahidi wali mara nne kwa wiki, wa pili simu bwenini. Walishangiliwa mno! Lakini wali unategemea bajeti, na simu zimekatazwa na sheria za shule. Dada mkuu atafanya nini hapo? Ndipo akasimama binti wa kidato cha tano, akalinyanyua sanduku la maoni: "Kila Ijumaa, hapa paredini, kila karatasi itapata jibu: ndiyo, hapana, au bado." Watoto wakatulia, maana wamezoea karatasi kuingia humo na kupotea.

Kilichonigusa ni kwamba alikuwa ameshakwenda kwa mkuu wa shule kuomba dakika tano za Ijumaa, na kwa mwalimu wa nidhamu kuulizia ufunguo. Alikubaliwa kabla hajaahidi. Akaeleza kwamba Alhamisi jioni sanduku litafunguliwa mbele ya mwalimu wa malezi, na kila ombi litapelekwa kwa mhusika. Akatoa mfano wa taa ya chooni iliyoungua. Ijumaa ya kwanza jibu linaweza kuwa "bado, balbu haijanunuliwa". Likibaki "bado" Ijumaa tatu mfululizo, analipeleka kwenye baraza la shule, mkuu wa shule alijibu mwenyewe. Hapo ndipo nilipomkubali, kwa sababu "bado" ndiyo mlango ambao ahadi kama hii ingetorokea.

Halafu akasema karatasi inayomtuhumu mtu kwa jina, au ya mtoto anayeumizwa, haitasomwa hadharani. Itabaki kwa mwalimu wa malezi. Shoga, msichana wa umri ule kuliona hilo!

Maneno yake yale matatu aliyasema mwanzoni, katikati na mwishoni. Jioni kidato cha kwanza walikuwa wanayarudia bombani, wakati hakuna aliyetaja wali tena. Na kura akazipata.

Sasa niambie, katika zile tisa za mwanetu, ipi haihitaji hela ya shule? Nani lazima akubali kwanza, na ameshamwendea? Mtoto wa kidato cha kwanza ataiona ikitimia ndani ya wiki mbili bila kuelezwa na mtu? Hotuba ni lini hasa? Na Mama Mkubwa ametoka hospitali, au bado mnapeleka uji? Nijibu mapema.

Wako,
Mwalimu mwenzio