Barua kwa vijana wa baraza letu la ushairi: kabla hamjazipiga pini karatasi zenu

Wanangu,

Salamu ziwafikie nyote. Nimesikia wanne kati yenu mnataka kutoa diwani zenu za kwanza kabla ya mwaka kwisha, na wawili mmeshaniletea miswada. Nimeisoma yote miwili. Mashairi yamo mazuri, ila yamepangwa kama mizigo ya basi: kila shairi limetupwa penye nafasi. Naandika barua hii kwenu nyote kwa sababu kosa ni lile lile, na mimi mwenyewe nililifanya.

Kitabu changu cha kwanza nilikigawa kwa mada, kama vitabu vya shule. Mapenzi mbele, kisha siasa, kisha dini, na mwisho maombolezo. Mashairi saba ya msiba wa mama yetu yalifuatana mwishoni, moja baada ya jingine. Dada yangu, aliyemuuguza mama hadi pumzi ya mwisho, alisoma matatu akafunga kitabu. Akaniambia, "Kaka, la kwanza lilinitoa machozi. La pili nikajua linakuja nini." Sijaisahau kauli hiyo. Mada ileile ikirundikwa mahali pamoja, kila shairi linamla mwenzake.

Sasa nitawaeleza nilivyokaa na mwenzenu mmoja mwaka jana, kwa ruhusa yake. Baba yake alikuwa mkata mkonge huku Tanga, mama yake msusi wa mikeka. Alikuja na mashairi 41, amekwisha kuyagawa mafungu manne yenye vichwa. Nikamwambia ayatoe kwenye faili, kila shairi karatasi yake, tukatandika sebuleni. Shairi la kurasa mbili tulilibana pamoja ili lihesabiwe moja.

Kisha tukafanya kazi iliyotuchukua mchana mzima. Nyuma ya kila karatasi aliandika kwa penseli mambo matatu tu. Kwanza, ni kitu gani cha kushikika kimo ndani ya shairi: jembe, kanga, dirisha, chochote ambacho mkono unaweza kukigusa. Pili, nani anasema na anamwambia nani. Tatu, umbo lake: tarbia au tathlitha, utenzi au guni, vina vyake na mizani yake. Mada sikumruhusu aiandike. Mada anaijua, na ndiyo iliyomziba macho.

Alipomaliza tukageuza karatasi zote kifudifudi tukasoma migongo peke yake. Neno "moyo" lilikuwa kwenye mashairi 19. Akafurahi, akadhani ndio uzi. Nikamwambia hapana. Moyo, machozi, dunia na giza ni maneno ya kila mshairi. Hayamfungi mtu na mwenzake kwa kuwa yamo kila mahali. Kipimo ninachotumia ni hiki: litoe neno, weka jingine badala yake, uone kama shairi linaanguka. "Moyo" ukaweza kuwa "roho" au "nafsi" na hakuna kilichotikisika isipokuwa mizani.

Lakini tuliona pia "mikono", mara tisa, na hakuna hata moja uliyoweza kuiondoa. Mikono ya baba iliyopasuka kwa miiba ya mkonge. Mikono ya mama inayosuka ukili. Ya bibi harusi yenye hina. Ya mgombea anayempungia kila mtu barabarani. Ya wanaoshusha jeneza. Yeye hakuwahi kuiona, kwa sababu ilikuwa imetawanyika kwenye mafungu yake yote manne: ya baba aliiweka katika siasa, ya harusi katika mapenzi, ya jeneza katika msiba. Uzi ulikuwepo tangu zamani, vichwa vya mafungu ndivyo vilivyoukata.

Tazameni mwanamke anavyosuka ukili. Mwaa wa rangi hauonekani muda wote. Unazama chini ya miyaa mingine, unaibuka, unazama tena, na jicho linaufuata hata pale usipoonekana. Kwa hiyo hatukuyaweka mashairi tisa ya mikono pamoja. Tuliyaachanisha, mawili au matatu mengine katikati. Moja tulilitoa kabisa, maana mikono yake ilifanya kazi ileile iliyokwisha fanywa na shairi bora zaidi. Iliniuma kumwona akiliweka kando, lakini uzi ukirudi bila kuleta jambo jipya msomaji anahisi anaburutwa. Mkono wa baba unauma, wa harusi unapambwa, wa mgombea unadanganya, wa kaburini unaachia. Kila urudipo una maana nyingine.

Baada ya kujua uzi ndipo tukaanza kupanga, na hapa nawaomba mnisikilize zaidi, kwa sababu mpangilio unaamuliwa kwenye maungio. Nyote mnalijua shairi la pindu, ambalo kipande cha mwisho cha ubeti ndicho kinachofungua ubeti unaofuata. Diwani nzima ina pindu yake. Simaanishi mrudie maneno. Namaanisha mstari wa mwisho wa shairi hili na wa kwanza wa lile lijalo ndiyo mistari miwili inayosikika pamoja, upende usipende. Andikeni mistari hiyo tu, mwisho na mwanzo, kwenye karatasi moja ndefu, msome mkishuka.

Shairi lake la baba lilikuwa tarbia yenye kibwagizo hiki:

Mikono ya baba yangu, yanuka mkonge bado.

Katika mpango wake wa kwanza, lililofuata lilikuwa shairi la kura, linaloanza kwa kelele za vipaza sauti. Ile harufu ikafa papo hapo. Tulijaribu mengine matano chini yake, hadi tukafikia lile la harusi, linaloanza hivi:

Bibi harusi tulia, hina haijakauka.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni nyumba moja." Na kweli, bibi harusi yule ni dada yake. Harufu ya mkonge ikaingia kwenye harufu ya hina, na msomaji akaona bila kuambiwa nani aliyeigharamia harusi. Hakuna shairi lililobadilishwa hata silabi. Maana ile imezaliwa kwenye nafasi nyeupe iliyo kati yao.

Kuna jambo la sikio pia, nasi tunaoandika kwa vina na mizani linatuhusu kuliko wengine. Kibwagizo kilichorudiwa mara sita au saba kinaendelea kulia kichwani baada ya shairi kwisha. Ukifuatisha mara moja tarbia nyingine ya mizani kumi na sita, nayo ina kibwagizo, viwili hivyo vinagombana, na kama vina vya mwisho ni vilevile msomaji anadhani bado yumo kwenye shairi la kwanza. Mwenzenu alikuwa na tarbia sita mfululizo zinazoishia na kina cha "-ni". Tulipomwomba mpwa wangu asome kwa sauti, kwenye ya nne alianza kuimba bila kufuata maneno. Hapo ndipo mnapojua. Tuliweka sabilia baada ya kibwagizo kizito, kwa kuwa kituo chake hubadilika na hakidai kuimbwa, au guni fupi, au beti chache za utenzi. Lakini msipokezane kwa zamu, tarbia, guni, tarbia, guni. Hiyo nayo ni ngoma moja tu.

Kuhusu shairi la kufungulia, wengi mnataka kuweka lililo bora kuliko yote. Mimi nasema wekeni lile linalomfundisha msomaji namna ya kukusikiliza, liwe fupi, na ndani yake uzi uonekane mara ya kwanza bila kutangazwa. Kwake lilikuwa la mama na ukili, beti tano. Alikuwa pia na dua ya beti 14 ya kufungulia, kama wafanyavyo watunzi wa tenzi. Siipingi dua, ni adabu yetu ya tangu zamani. Ila beti 11 kati ya hizo zilikuwa maneno ambayo kila mtunzi amekwisha kuyasema, na 3 zilimwombea baba yake vidole vya kushikia kikombe. Zikabaki hizo 3, zikatangulia.

Mwishoni tulibishana. Alikuwa na shairi la kuwaaga wasomaji, nikamwomba alitoe, akakubali. Kisha mimi nilitaka tumalizie na guni ya mtoto anayejifunza kushika kalamu, yeye akataka la jeneza. Niliona la jeneza linafunga mlango kwa nguvu mno. Alinijibu kwamba kwake mlango ulifungwa hivyo hivyo. Kitabu ni chake. La jeneza likakaa mwisho, na guni ya mtoto ikapanda juu karibu na ya baba, ambako, nakiri, imeng'aa kuliko ambavyo ingeng'aa pale nilipotaka mimi.

Wale mliozoea kujibizana magazetini, angalieni sana mashairi yenu ya majibu. Ukiliweka jibu bila swali lake, beti mbili za kwanza huwa zinamsemesha mtu asiyekuwemo kitabuni. Kama halisimami peke yake, lisiingie.

Mengine ni ya kurasa. Kijitabu cha kukunja na kupiga pini katikati kinakwenda kwa kurasa nne nne: 40, 44, 48. Yeye alichukua 48, sita zikaenda kwa jina, shukrani na yaliyomo, zikabaki 42, na humo mashairi 27 yakatosha. Kwenye karatasi ya saizi ya A5 na herufi za kawaida, tarbia ya beti 6 hujaa ukurasa mmoja. Ya 7 humwaga ubeti wa mwisho ukurasa unaofuata. Shairi kama hilo lianzieni ukurasa wa kushoto ili ubeti ule uangukie kulia, mbele ya macho. Likianzia kulia, msomaji atageuza karatasi akidhani limekwisha, akute ubeti mmoja yatima. Mara nyingine kwa ajili ya hilo tu tulibadilishana mashairi mawili, tukarudi kusoma maungio upya.

Na mafungu? Kwa mashairi 27 hakuweka hata moja. Aliacha ukurasa mmoja mtupu kabla ya lile la jeneza, basi.

Jumamosi ijayo nitawangoja baada ya alasiri. Leteni karatasi mojamoja, msizipige pini, na penseli. Na awepo mtu ambaye hajapata kusikia mashairi yenu, atusomee yote kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho. Sisi tutakaa kimya na kuweka alama pale atakapopoteza pumzi.

Wenu, mzee wenu wa baraza,
Tanga