Yah: Bomba lililopasuka Mkunazini, na suali la kodi iliyopotea

Kwa Meneja wa Madai,

Assalaam alaykum. Naripoti hasara katika nyumba yangu ya Mkunazini, Mji Mkongwe, iliyomo kwenye bima ya nyumba niliyokata kwenu pamoja na kifungu cha kupotea kwa kodi.

Mpangaji wa ghorofani alinunua mashine ya kufulia, akaiunga mwenyewe kwenye bomba la chooni bila ya kuniambia wala kuita fundi. Usiku pampu ilipojaza tangi, kiungio kikaachia, maji yakamwagika hadi alfajiri. Nimefunga valvu kuu na kupiga picha. Kipande kilichopasuka nimekiweka, maana najua mtauliza kama ni mpasuko wa ghafla au uvujaji wa muda mrefu. Mpasuko ni mpya, hauna ukoga, na ukutani hamna madoa ya zamani.

Aliyesababisha anaendelea kukaa na kulipa. Balaa limemshukia wa chini: plasta imeanguka, boriti zimelowa, na fundi umeme amekata umeme kwa sababu maji yameingia kwenye nyaya. Amehamia kwa ndugu zake na watoto.

Hapa ndipo ninapohitaji ushauri wenu. Kama ilivyo kawaida yetu, alilipa miezi sita mbele, Sh 400,000 kwa mwezi. Amekaa miwili, sasa anadai Sh 1,600,000 zilizobaki, na kwa kweli ana haki. Je, fedha nitakayomrejeshea mnaihesabu kuwa kodi iliyopotea, au kwenu hasara ni ile tu ambayo bado sijaipokea? Na muda mnauanzia siku ya mpasuko au siku aliyohama? Naomba pia kujua kama kuna siku za mwanzo msizolipa.

Jambo la pili ni ukavu. Nyumba ni ya mawe na chokaa. Saruji ingemaliza kazi haraka, lakini hunasa unyevu ndani ya ukuta na plasta hubanduka tena, kwa hiyo lazima nirudishie chokaa, nayo haipakwi kabla ukuta haujakauka. Tena, ukarabati huku huhitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Kusubiri kibali na ukuta kukauka kunaingia katika muda wa fidia, au mnahesabu siku za fundi peke yake?

Mpangaji wa juu ameniomba tumalizane kwa amana yake na nimwandikie kuwa simdai tena. Sijatia saini. Nahofia nikimsamehe nitakuwa nimewafungia nyinyi njia ya kumdai, nanyi mkanikatalia mimi. Nimjibu nini?

Tafadhali leteni mkadiriaji kabla sijabandua plasta iliyobaki. Boriti zikikaa katika unyevu zitaoza, na fundi anataka kuzifunua wiki hii.

Wasalaam,
Mwenye nyumba, Mkunazini