Barua kwa mwanangu: ile listi yako ya kazi

Mwanangu mpendwa,

Ile listi uliyonitumia jana usiku nimeisoma mara mbili, nimeona kinachokuchanganya, kazi zote umezipanga kwa tarehe ya mwisho tu. Tarehe inakwambia habari ya haraka lakini uzito wa kazi haikwambii kabisa, hayo ni maswali mawili na kila moja inabidi ulijibu peke yake. La uzito, nisipoifanya kabisa nani ataumia na kwa kiasi gani? La haraka, nikiiacha mpaka wiki ijayo kuna kitu kitaharibika?

Ripoti ya bosi ni ya kesho na ina uzito, hiyo haina mjadala, anza nayo asubuhi. Meseji za grupu zinapiga kelele siku nzima ila usipojibu leo haumii mtu, zisubiri jioni.

Sasa hapa ndo naomba unisikilize vizuri. Maombi ya skolashipu umeyaweka chini kabisa kwa sababu dedilaini bado wiki 3. Mwanangu, si yanataka barua ya mwalimu wako, na wewe mwenyewe umeniambia huwa anachukua wiki 2? Hesabu kwa kurudi nyuma, siku 21 toa 14 zinabaki 7, yaani ukimwomba baada ya wiki hii umechelewa hata kama tarehe bado iko mbali, na hizo 7 usizimalize zote maana mwalimu naye anaweza kuugua au kusafiri. Kwa hiyo kumwandikia mwalimu ni kazi ya leo, dakika 10 tu, lakini insha yako sio ya leo, utaiandika wakati yeye anaandika barua yake. Ndo maana kazi kubwa usiiweke kwenye listi kama kitu kimoja, ivunje vipande, kila kipande kina haraka yake, na hasa vile vinavyomtegemea mtu mwingine, hivyo vitangulie kutoka mkononi mwako.

Mwaka 1954 Rais Eisenhower wa Marekani alisema kwenye hotuba, akimnukuu mkuu mmoja wa chuo, kwamba ya haraka sio muhimu na ya muhimu kamwe hayana haraka. Mimi nusu ya pili siikubali sana, ya muhimu yanakuwa na haraka vizuri tu, ukiyaacha yakae.

Halafu nimeona kazi 6 kati ya 9 umeziandikia "muhimu sana". Hapo bado hujapanga kitu. Zichukue mbili mbili ujiulize, ningeruhusiwa kufanya moja tu kati ya hizi ningechagua ipi, inayoshinda ipande juu, endelea hivyo mpaka zijipange zenyewe, itauma kidogo kwenye zile mbili za katikati lakini chagua tu.

Ukishamwandikia mwalimu nitumie meseji, hata kama ni usiku sana nitakuwa macho.

Mama