Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Nyumba za Wazee: Lango Letu Bado Linapiga Tarakimu Saba

Phoenix, Arizona
Septemba 2023

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima inayostahili cheo chako, na ninaandika hadharani kwa sababu barua za faragha zimekwisha kuandikwa na hazikujibiwa. Mama yangu ni mpangaji katika mojawapo ya majengo unayoyasimamia. Ni mtu mzima mwenye kisukari, macho yake hayaoni vizuri, na kila jioni muuguzi huja kumchoma sindano ya insulini. Juma lililopita muuguzi huyo alifika langoni, akabonyeza namba ya nyumba ya mama, akasubiri, kisha akaondoka akiamini kwamba mgonjwa hayupo. Mama alikuwa amekaa kando ya simu yake ya mezani, na simu hiyo haikulia hata mara moja.

Nilikwenda mwenyewe kulijaribu lango. Mgeni anapobonyeza namba ya nyumba, kile chombo cha langoni hupiga simu ya mpangaji kwa kutumia namba iliyohifadhiwa ndani yake, na mpangaji akishapokea hubonyeza tarakimu moja ili lango lifunguke. Nilipobonyeza ya mama sikusikia mlio wa simu inayoita. Nilisikia sauti iliyorekodiwa, kwa Kiingereza, ikieleza kwamba namba haikukamilika na kwamba nikate, nipige tena nikianza na msimbo wa eneo, yaani zile tarakimu tatu za mbele. Mtu anaweza kuitii sauti hiyo. Chombo hakiwezi, kwa kuwa hakina kingine cha kupiga ila zile tarakimu saba kilizowekewa miaka iliyopita.

Unajua, Mheshimiwa, nini kilichobadilika. Tangu tarehe 12 Agosti mwaka huu, simu zote za hapa kwetu lazima zipigwe kwa tarakimu 10, hata kama unayempigia anakaa mlango wa pili. Kwa kuwa wapangaji wengi hawajaelezwa sababu, na wapo wanaodhani simu zao zimeharibika au wamekatiwa huduma kwa deni, naomba niieleze hapa ili wanaosoma barua hii wawasaidie wazee wao.

Mwaka 1947 msimbo wa 602 ulitosha jimbo zima la Arizona. Watu walipoongezeka, na baadaye kila mmoja akawa na simu yake ya mkononi, namba zilianza kuisha. Kila msimbo wa eneo hubeba namba zisizofika milioni 8, tena hugawiwa kampuni za simu kwa mafungu, kwa hiyo fungu linaweza kuwa mikononi mwa kampuni moja huku sehemu yake kubwa haijatumika. Mwaka 1999 dawa ilikuwa kuikata ramani: katikati ya Phoenix ikabaki na 602, upande wa mashariki, kama Mesa na Tempe, ukapewa 480, na upande wa magharibi, kama Glendale, ukapewa 623. Waliohamishiwa misimbo mipya walilazimika kubadili namba zao, na wenye maduka wakaandika upya mabango. Safari hii mipaka imefutwa, na misimbo yote mitatu sasa imelala juu ya eneo lile lile. Hakuna aliyenyang'anywa namba yake, na mimi sina ugomvi na uamuzi huo, maana naona una madhara machache kuliko ule wa kukata ramani tena.

Lakini una matokeo yasiyoepukika. Tuseme mama ana namba 602-555-0142. Mpangaji mpya wa chumba cha jirani, anayeunganishiwa simu mwezi huu, anaweza kupewa 480-555-0142. Mtu akipiga 555-0142 peke yake, mtambo wa simu hauna njia ya kujua anamtaka nani kati ya hao wawili. Ndiyo maana tarakimu saba zimekataliwa kwa wote, wa namba za zamani na wa namba mpya. Bei haikubadilika: simu iliyokuwa ya hapa hapa ni ya hapa hapa hata sasa. Namba za dharura kama 911 nazo zinapigwa vile vile, tarakimu tatu tu.

Nimesikia katika ofisi yako ikisemwa kwamba wazee ni wagumu kubadili mazoea. Siwezi kuliacha neno hilo lipite. Wazee wetu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania hawakuzaliwa na tarakimu saba; huko namba ya simu ya mkononi hupigwa yote, hata kwa jirani wa ua mmoja. Mama alipoelezwa kwa Kiswahili alielewa kabla chai haijapoa. Tulichukua daftari lake, tukaandika msimbo mbele ya kila namba ya hapa mjini isiyokuwa nao, baada ya kuwauliza wenyewe, kwa sababu wengine ni wa 480 na ukiwawekea 602 utampata mtu mwingine kabisa. Kazi hiyo iliisha jioni moja. Nawaomba wote wenye wazee wafanye hivyo, na wasisahau namba zilizohifadhiwa kwenye vitufe vya simu ya mezani, wala ile ambayo simu huhamishiwa mwenyewe asipokuwepo.

Kilichobaki hakimo katika uwezo wa mpangaji. Chombo cha langoni kimefungwa kwa ufunguo wa ofisi yako. Kuna pia vitufe vya dharura ambavyo wazee huvaa shingoni, ambavyo kikibonyezwa kimoja, kisanduku chake hupiga simu kwa namba kilizowekewa. Kama namba hizo ni za tarakimu saba, mzee aliyeanguka bafuni atabonyeza, na kisanduku kitaipigia ile ile sauti iliyorekodiwa. Sijui ni vingapi vilivyo hivyo katika jengo letu, kwa sababu hakuna aliyevijaribu, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Mwezi Machi, katika mkutano wa wapangaji, ofisi yako iliahidi kwamba fundi atapita kabla ya Agosti. Wakati ule mtu bado aliweza kupiga kwa njia zote mbili, saba au kumi, na kipindi hicho kiliwekwa kwa ajili ya kazi ya namna hiyo hasa. Wenzetu wa 480 walikuwa wameshalazimika kupiga tarakimu 10 tangu Oktoba 2021, namba ya 988 ilipokuwa inaandaliwa kwa ajili ya watu wenye msongo wa mawazo. Kwa hiyo mafundi wa mji huu si wageni wa kazi hii. Fundi hakuja Machi, hakuja Julai, na mpaka leo hajaja.

Naomba, Mheshimiwa, fundi alifungue lile sanduku na aweke namba kamili ya kila nyumba. Kama chombo ni cha zamani kisichopokea tarakimu 10, kibadilishwe. Kisha mtu asimame langoni, abonyeze nyumba moja baada ya nyingine, na asiondoke mpaka asikie kila mpangaji akipokea. Vitufe vya dharura vijaribiwe hivyo hivyo, mwenyewe akiwepo, na tangazo libandikwe kwa Kiswahili pia.

Na kama hayo yote hayawezekani kwa mara moja, basi lianze lango. Muuguzi atakuja tena leo jioni, na nimelazimika kuomba ruhusa kazini ili nisimame pale nje nimfungulie. Naomba lango lirekebishwe juma hili.

Wako kwa heshima,
Mtoto wa mpangaji wa ghorofa ya 2