Kwa wanangu wa uuguzi hapa Moshi: yule mtoto wa miezi 7 anayetumia mkono mmoja

Wanangu, hamjambo. Wengine mnaniita Sista, wengine Bibi, yote sawa tu, nimeshastaafu sigombani na mtu. Naandika hapa wazi badala ya kumjibu kila mmoja maana swali mnaloniletea ni lilelile, na jibu mnalokosea ni lilelile, alafu kesho mtakuwa mmekaa kliniki na kadi za watoto mezani.

Swali lenyewe la mtihani liko hivi. Muuguzi yuko kliniki ya watoto, kati ya hawa wanne yupi apewe rufaa? A, mtoto wa miezi 9 anakaa mwenyewe vizuri ila hajaanza kutambaa. B, mtoto wa miezi 8 aliyezaliwa na wiki 32, bado hakai bila kushikwa. C, mtoto wa miezi 7 ambaye kila kitu anakichukua kwa mkono wa kulia tu. D, mtoto wa miezi 12, anasimama akishika kochi ila hatembei.

Wengi mnakimbilia B, wachache A. C mnaipita kama haipo, na kuna mmoja aliniambia kabisa "Bibi huyo si ndo mjanja zaidi, ameshajua mkono wa kulia". Hapo ndo nikaona niandike.

Tuanze na hao wengine haraka haraka. Shida yenu mnakariri mwezi ambao watoto wengi huanza kufanya kitu, alafu mnamhukumu kila mtoto kwa huo mwezi. Mnajua mtoto anatembea mwaka mmoja, basi wa miezi 12 asiyetembea mnaona kachelewa. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya nzuri katika nchi 5, Ghana ikiwemo, na mwaka 2006 likatoa matokeo: kukaa bila msaada ni kuanzia karibu miezi 4 mpaka miezi 9 na kidogo, kutembea mwenyewe ni kuanzia miezi 8 mpaka 17 na nusu. Ona upana huo. Swali la rufaa haliulizi wengi wanaanza lini, linaulizia mwisho wa dirisha. Kwahiyo D hana tatizo, tunamsubiri, ila akifika miezi 18 hatembei hapo hatusubiri tena. Na A naye yuko salama, kwenye uchunguzi huohuo kuna watoto wazima kabisa ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti, walijiburuza kwa makalio au walisimama moja kwa moja wakaondoka.

B ndo mtego wa hesabu. Kazaliwa wiki 32, alitakiwa wiki 40, zimepungua wiki 8, ambayo ni kama miezi 2. Toa kwenye miezi 8 unabaki na miezi 6, huo ndo umri wa kumpimia, na mtoto wa miezi 6 asiyekaa mwenyewe bado yuko ndani ya dirisha lake. Hii hesabu tunaifanya mpaka afike miaka 2. Ila angalizo, chanjo haihesabiwi hivyo, chanjo anapata kwa umri wa kuzaliwa kama mwenzake, nimeshawaona watu wanachanganya.

Sasa C.

Mtoto mchanga hana mkono anaoupenda. Miezi 4, 5 anaanza kufikia vitu, miezi 6 anahamisha kutoka mkono huu kwenda huu, na anatumia wote wawili, leo huu kesho ule. Upande wa mtu unakuja kuonekana baadaye kabisa, baada ya mwaka, wengi mwaka wa pili na kuendelea. Kwahiyo wa miezi 7 akichukua kila kitu kwa mkono wa kulia, usiseme mkono wa kulia una nguvu, jiulize wa kushoto una nini. Mara nyingi jibu liko kichwani, upande wa kulia wa ubongo umeumia, na huo ndo mtindio wa ubongo wa upande mmoja. Chanzo kimojawapo ni kiharusi, ndiyo, watoto wanapata kiharusi tumboni au siku za kwanza kwanza baada ya kuzaliwa.

Mtauliza, mbona hakuonekana siku anazaliwa? Kwasababu mtoto mchanga harakati zake nyingi zinaendeshwa na sehemu za chini za ubongo na uti wa mgongo, anarusha mikono yote sawa sawa, unamwangalia unasema mzima. Ubongo wa juu unaanza kushika usukani wa mikono polepole kwenye ile miezi ya 4, 5, 6, na ndipo upande ulioumia unaanza kubaki nyuma. Ndo maana mama anaweza kukuambia alijifungua vizuri, mtoto alilia hapohapo, na wala hakudanganyi hata kidogo. Historia nzuri ya uzazi haimtoi huyu mtoto kwenye rufaa.

Na kuna jambo vitabu haviwaambii. Huku kwetu mtoto akitumia kulia nyumba nzima inafurahi, bibi yake wa Kibosho anasema huyu ana adabu tangu mdogo, nani atamleta hospitali? Akitumia kushoto wanasema ni mashoto kama mjomba, wanaanza kumnyang'anya vitu wamrekebishe, na hapo napo wanakosea maana kiharusi cha watoto kinapenda zaidi upande wa kushoto wa ubongo, kwahiyo mkono unaobaki nyuma unakuwa wa kulia. Pande zote mbili familia ina maelezo yake tayari, na mama hatakuja kulalamika. Mtamkuta kalala kwenye mizani amekuja kupima uzito, au ile ya miezi 9 kaletwa chanjo ya surua, na usipomwangalia wewe hamna mwingine.

Unamwangaliaje? Mweke kwenye mapaja ya mama, mgongo wake kwa tumbo la mama, akuelekee wewe, katikati kabisa asiegemee upande. Asiwe na njaa wala usingizi, na mama amvue lile sweta maana asubuhi za huku mnawavisha watoto mpaka mikono haikunji. Chukua kitu cha kung'aa, mimi nilikuwa na kikombe cha plastiki chekundu, kilete katikati ya kifua chake. Angalia mkono gani unakuja. Alafu kisogeze upande wa kushoto kabisa, karibu na mkono wa kushoto. Mtoto mzima atatumia ulio karibu. Huyu wetu atavusha mkono wa kulia mbele ya kifua, anajipinda mwili mzima kukifuata kikombe, na wa kushoto umetulia tu pembeni. Sasa mshike taratibu ule wa kulia, usimbane, uone wa kushoto utakuja. Ukija, uangalie unavyokuja: vidole vinafunguka au ngumi imefungwa na dole gumba limejificha ndani? Ngumi ya hivyo ni ya mtoto mchanga, kwa miezi 7 isiwepo.

Kisha kunja na kunjua kiwiko na kifundo cha mkono, kulia kwanza, kushoto baadaye, ulinganishe. Upande ulioumia unakaza, unahisi unasukumana na wewe. Usisahau miguu, mkunje kifundo cha mguu kwenda juu pande zote mbili, na muulize mama akimvalisha suruali au pampasi mguu upi ni mgumu. Akina mama wanajua hilo kuliko sisi, ila hawajaulizwa.

Sio kila mkono uliotulia ni ubongo. Kama mkono umelegea tangu siku ya kwanza, mguu wa upande huo mzima kabisa, na mama anasema mabega yalikwama wakati wa kujifungua, fikiria mishipa ya fahamu ya bega ilivutwa. Huyo naye anapewa rufaa, na alitakiwa apewe mapema zaidi. Lakini kama mama anasema wiki iliyopita alikuwa anatumia yote, juzi ameacha, ukimgusa analia, pengine na homa, hapo acha kabisa habari za hatua za ukuaji, hiyo ni mfupa umevunjika au kiungo kimeingia usaha na anaenda leo leo, sio kupangiwa tarehe. Na mtoto yeyote, umri wowote, aliyekuwa anafanya kitu akaacha, alikuwa anakaa sasa hakai, alikuwa anasema baba baba kanyamaza, huyo hasubiriwi.

Sasa swali linalofuata kwenye karatasi huwa ni muuguzi afanye nini, na kuna jibu moja tamu sana linasema mhakikishie mama kwamba kila mtoto hukua kwa wakati wake, arudi akifikisha mwaka. Msilichague. Hiyo miezi 5 ya kusubiri ndo miezi ambayo ubongo wake unajifunza haraka, na mkono usiotumika unazidi kusahauliwa. Jibu ni kukamilisha uchunguzi na kutoa rufaa. Wala usimwambie mama hapo mezani kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo, hiyo si kazi yako na bado hujui, mwambie ulichokiona: mkono huu unafanya kazi kidogo kuliko huu, nataka daktari wa watoto amwangalie. Na wakati anasubiri tarehe, amwekee vitu vya kuchezea upande wa kushoto, ampe vikubwa vya kushika kwa mikono miwili, na asimfunge ule mkono wa kulia ulio mzima kwa kitambaa kwa akili yake mwenyewe. Kuna tiba ya namna hiyo lakini inasimamiwa na mtaalamu.

Barua ya rufaa msiandike "kuchelewa kukua" mkaishia hapo, maana huyu hajachelewa, kukaa anakaa, kucheka anacheka, na daktari kule KCMC au Mawenzi akisoma hivyo atapima uzito amrudishe. Andika hivi: miezi 7, kazaliwa wiki 39, anafikia vitu kwa mkono wa kulia pekee, wa kushoto ngumi imefungwa dole gumba ndani, kiwiko cha kushoto kinakaza kuliko cha kulia, mguu wa kushoto unakaza kidogo, mzingo wa kichwa sentimita kadhaa ulizopima, degedege hana au anayo, macho yanafuata kitu, anageuka kwenye sauti, mama ameona hali hii tangu lini. Na namba ya simu ya mama, pamoja na ya mtu wa pili, maana wengi wanabadilisha laini na tarehe ya miadi ikisogezwa hampatikani.